Linki fupi ya Toto Afya: itazame kabla ya kubonyeza

Tuseme mama mmoja wa Kibondo ametumiwa ujumbe WhatsApp na wifi yake aliye Kasulu: “Toto Afya Kadi bure, sajili mtoto leo.” Chini kuna linki inayoanza na bit.ly. Wifi hana nia mbaya, naye ametumiwa tu. Lakini linki fupi huficha anwani yenyewe, na huko mbele inaweza kusubiri fomu inayotaka namba ya siri ya pesa za simu.

Asiibonyeze. Ashikilie ujumbe kwa kidole, achague Copy, aubandike kwenye Chrome pale pa kuandikia anwani na kufuta maneno mengine, ibaki linki peke yake. Mwishoni aongeze alama ya +, bila nafasi, ndipo afungue. Badala ya kumpeleka moja kwa moja, Bitly humwonyesha kwanza anwani ndefu. Akisahau +, ni sawa na kuibonyeza.

Sasa aisome anwani hiyo baada ya https:// hadi kwenye / ya kwanza, akianzia mwisho. Tovuti ya Mfuko wa Bima ya Afya ni nhif.or.tz. Akikuta nhif.or.tz.example.com, mwenye tovuti ni example.com, NHIF imebandikwa mbele kumlaghai.

Linki nyingine fupi hazikubali +. Hizo aziache, aandike nhif.or.tz mwenyewe. Ulaghai ukija kwa meseji ya kawaida, autume 15040, namba ya kuripoti matapeli.