Fuvu Linapocheka

Wapo wanaolia kwamba vijana wamekosa adabu mbele ya mauti. Ushahidi wao ni fuvu la kichwa, 💀, linalotapakaa katika ujumbe wa simu kila pakiwa na mzaha. Shauri hili lastahili kupingwa, na lipingwe kwa Kiswahili chenyewe.

Tuchukue mfano wa Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Kijana anawaandikia wenziwe: «Nilikuwa naenda Nkwenda, nikapitiwa na usingizi, nimezinduka Kyaka.» Kumbe alipanda gari silo. Jibu linakuja: 💀💀💀. Shangazi yake akiiona simu hiyo atashtuka, naye ana haki. Kwake yeye fuvu ni alama ya kwenye chupa ya dawa ya kuulia wadudu, ile anayoificha watoto wasiifikie. Lakini aliyejibu hakutaja maiti. Amesema tu: umeniua kwa kicheko.

Je, usemi huo ni mgeni? Mswahili hufa kwa kicheko tangu zamani. Mpenzi husemwa amekufa ameoza, na hakuna anayekwenda kununua sanda. Hiyo ni chuku, na washairi ndio wa mwisho wenye haki ya kuilaani. Vijana hawakuzua maana, wameipa picha.

Ni kweli kwamba mtindo wenyewe umepitia kwa vijana wa Kiingereza, ambao nao husema wamekufa wakichekeshwa. Fuvu hili liliingizwa katika orodha ya Unicode mwaka 2010. Mwaka 2015 kamusi za Oxford zililitangaza lile sura lenye machozi ya furaha, 😂, kuwa neno la mwaka. Sifa hiyo ndiyo iliyolichosha. Kila mtu alilituma, hata asiyetabasamu, na kufikia mwaka 2021 vijana wengi walikwisha kuliona ni la wazee. Chuku ikizoeleka hupoa. Hutafutwa kali zaidi. Kupita kicheko cha machozi kumebaki nini ila kufa?

Hata hivyo, fuvu lina mipaka yake, na vijana wenyewe waijua. Hucheka likifuata maneno ya mzaha, hasa likirudiwa mara mbili tatu. Likiwekwa chini ya tangazo la msiba, ni tusi, wala hapana chuku ya kuliokoa. Na lile lenye mifupa miwili iliyopishana, ☠️, bado lanuka sumu. Atakaye kujua maana asilitazame fuvu. Aisome sentensi iliyolitangulia.

Hivyo ndivyo lisomwavyo shairi. Anayeng'oa neno katika ubeti wake, kisha akalihukumu peke yake, hakutetea adabu wala lugha. Amekataa kusoma tu.