Video Isiyochezeka Haijakabidhiwa
Na Mwanaidi Shekue

Jumapili sebule ya shangazi yangu wa Makorora ilijaa. Walikuja majirani, wakaja na wakwe, sambusa zikaandaliwa, laptopu ikaungwa kwenye runinga kwa waya wa HDMI ili watazame harusi ya binti yake. Kaswida ikaanza vizuri. Kisha picha ikaganda, bwana harusi mguu mmoja uko hewani kizingitini. Sauti haikusimama: hotuba ya nikahi ikasomwa, mahari ikatajwa, vigelegele vikapigwa, naye bado yuko kizingitini. Picha ilipozinduka, watu walikuwa wanakata keki.

Shangazi akampigia mpiga video, simu ikiwa kwenye spika. Jibu tulilisikia sote: "Mama, hiyo laptopu imechoka. Nunua nyingine." Akalisema mbele ya wakwe. Hasira yangu ilianzia hapo na haijapoa.

Laptopu ile haijachoka. Usiku wa kuamkia siku ile ilionyesha filamu nzima bila kusita. Nikafungua faili la harusi kwa VLC, nikaingia Tools, kisha Codec Information, na majibu yote yalikuwa pale: kodeki ni HEVC, yaani H.265, ukubwa ni 3840 kwa 2160, fremu 50 kwa sekunde, rangi za biti 10.

Prosesa ya shangazi ni Intel Core i5 ya kizazi cha nne, kilichoanza kuuzwa mwaka 2013, mwaka ule ule HEVC ilipoidhinishwa. Ndani yake imo saketi maalumu ya kusimbua H.264, kodeki ya mwaka 2003, lakini ya HEVC haimo. Intel waliiweka saketi kamili ya HEVC ya biti 8 kwenye kizazi cha sita, mwaka 2015, na ya biti 10 kwenye kizazi cha saba, mwaka uliofuata. Kwa hiyo hata mwenye kizazi cha sita asijione amesalimika na faili kama hili.

Saketi ikikosekana, kazi yote huiangukia prosesa kuu. Kwa fremu 50, kila moja inatakiwa iwe tayari ndani ya milisekunde 20, na kila moja ina pikseli zaidi ya milioni 8. Sauti ni nyepesi, inakwenda na saa. Fremu zilizochelewa hutupwa ili picha iifukuzie sauti, na ndiyo maana tuliruka kutoka kizingitini hadi kwenye keki. Nilifungua Task Manager: CPU imefika asilimia 100, mstari wa Video Decode umelala kwenye sifuri, feni inalia. Ukiona hivyo, usitafute mchawi mwingine.

Jirani mmoja akasema iongezwe RAM. Mwingine akataka faili litolewe kwenye flashi kwanza. Hakuna lolote kati ya hayo linalozalisha saketi ndani ya chipu, na kubadili jina la faili ndiyo kabisa.

Kinachoniudhi zaidi ni runinga yenyewe. Ina pikseli 1366 kwa 768. Faili lilibeba karibu mara nane ya pikseli ambazo kioo kile kinaweza kuonyesha, na nyingi zilikuwa zinasimbuliwa kwa taabu ili zitupwe. Siikatai HEVC, kwa ubora ule ule faili hupungua hadi karibu nusu, na mpiga video ana haki ya kuhifadhi kazi yake hivyo. Lakini nakala ya mteja ni kitu kingine. Nilikwenda na faili nyumbani, kwenye kompyuta yangu, nikaandika hivi:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=1280:-2 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy harusi_tv.mp4
```

Hapo sehemu ya `yuv420p` isiachwe. Bila hiyo, ffmpeg inaweza kutoa H.264 ya biti 10, ambayo saketi ya laptopu ile haiisimbui, na utakuwa umebadilisha kodeki bila kupona. Jumatatu jioni shangazi aliitazama harusi yote, mwanzo hadi mwisho, kwa laptopu ile ile "iliyochoka". Wakwe walikuwa wameshaondoka.

Wapiga video wetu wanahariri kwenye mashine mpya, wanakagua kwenye mashine hiyo hiyo, wanapokea fedha, basi. Hawaulizi mteja ana kifaa gani. Shangazi ana binti mwingine wa kuozesha, na masharti nimeshamwandikia: H.264, biti 8, na video ichezwe yote sebuleni kwake, kwenye laptopu yake, kabla ya shilingi ya mwisho kutoka kwenye pochi.