Usitupe dawa kwa sababu ya ganda lake

Ukitoka kemisti pale Migori mjini na kapsuli 15 za amoksisilini mfukoni, huenda umebeba kitu kilichotoka kwenye ngozi ya nguruwe. Ama ya ng'ombe. Boksi mara nyingi halikuambii.

Lile ganda la rangi mbili kwa kawaida ni jelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ni kitu kilekile kinachofanya peremende fulani zivutike mdomoni. Huku kwetu kando ya ziwa, hilo si jambo dogo. Waadventista walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na leo Homa Bay na Migori zina familia nyingi zisizogusa nguruwe. Kendu Bay hiyohiyo ina Waislamu wa tangu zamani. Halafu kuna vijana walioacha nyama kabisa.

Shida ni kwamba hawa wote hawana swali moja. Mwadventista anayekula nyama ataridhika akiambiwa ganda ni la ng'ombe. Mwislamu huenda akataka kujua ng'ombe huyo alichinjwaje. Asiyekula nyama hataki mnyama yeyote. Kwa hivyo ukifika dirishani usiulize tu kama dawa ni "safi", kwa sababu mhudumu atakujibu kuwa haijaisha muda. Sema wazi: "Daktari, sitaki jelatini ya nguruwe. Hii dawa iko kwa kidonge ama ya maji?"

Swali hilo la pili ndilo muhimu, maana mara nyingi dawa yenyewe haina neno. Ni ganda tu. Tuseme umeandikiwa amoksisilini miligramu 500, mara tatu kwa siku, siku tano. Kuna vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, vile watoto wenye nimonia hupewa. Mtu mzima atameza viwili kila mara, yaani 30 kwa jumla. Ama kuna ya maji yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5. Hapo unahitaji mililita 10 kila mara, jumla 150, na chupa moja ya mililita 100 haitoshi. Nunua mbili, ila usikoroge ya pili mpaka ya kwanza iishe, kwa sababu ikishachanganywa na maji haikai sana. Nyingi ni siku saba. Hesabu hiyo ifanye na mfamasia, usikisie. Na akikupa amoksisilini iliyoongezwa klavulaneti kwa sababu tu ni kidonge, uliza tena. Hiyo si dawa ileile, na inasumbua tumbo zaidi.

Kuna pia kapsuli za mimea, zinazotengenezwa kwa selulosi. Kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi tafuta herufi HPMC. Karatasi ikisema jelatini bila kutaja mnyama, mfamasia anaweza kuuliza msambazaji.

Tunachoomba usifanye ni kupasua ganda na kumwaga unga kwenye uji bila kuuliza. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo ina chembe zilizopakwa kitu cha kuzikinga dhidi ya asidi. Ukizisaga, dawa inaharibika kabla ya kufika inakotakiwa. Unga wa doksisaiklini ukigusa koo unaweza kulichoma, na hiyo dawa ipo kwa kidonge. Mbaya zaidi ni kunyamaza, ukameza siku mbili na kuacha. Maambukizi hayajui ulikuwa na sababu ya dini.

Na pale ambapo hakuna mbadala? Mwaka 1995 wasomi zaidi ya 100 wa sheria ya Kiislamu walikutana Kuwait, wakasema jelatini imebadilika kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa kitu najisi. Wapo wasomi wasiokubali hoja hiyo, lakini hata wao wengi huruhusu dawa ya dharura isiyo na badala. Ongea na imamu ama mchungaji wako, na umwambie ugonjwa ni upi. Ukishapata jibu mrudie daktari siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Sisi tunaona mzigo huu haufai kubebwa na mgonjwa peke yake akiwa kwenye foleni. Kampuni ya dawa inajua ilinunua maganda ya mnyama gani. Bodi ya Dawa na Sumu inafaa kuilazimisha iandike neno hilo moja kwenye boksi, pale karibu na tarehe ya kuisha muda.