Mafunzo ya mpakani yamalizike kwa maswali matatu

Katika mafunzo ya wafanyabiashara wadogo mipakani, mwalimu humaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" Jibu hilo halimwambii kitu. Asiyeelewa atajulikana mbele ya afisa forodha, mzigo ukiwa umeshazuiwa.

Dawa yake ni jaribio la dakika tano kabla watu hawajatoka, maswali matatu tu, yatokane na maelezo aliyoyaandaa mwalimu mwenyewe. Kazi ipo kwenye kuyatunga. Chukua somo la cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maelezo ya mwalimu yanasema: mzigo usizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, bidhaa ziwe zimezalishwa ndani ya Jumuiya, na ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa.

Akiuliza, "Kikomo ni dola ngapi?" atapima kumbukumbu. Aulize hivi: Mama anatoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya na mahindi ya Uganda ya dola 600, pamoja na mitumba ya Ulaya ya dola 300. Cheti kitafaa kwa (a) mzigo wote, (b) mahindi tu, au (c) hakifai kabisa?

Jibu ni (b). Lakini faida kubwa imo katika majibu yaliyokosewa. Aliyechagua (a) ameshika kiasi cha fedha, akasahau asili ya bidhaa. Aliyechagua (c) anadhani mitumba inayaharibia mahindi haki yake. Hayo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Tuseme kati ya watu 20, 11 wamechagua (a). Kuwasomea maelezo yale yale upya hakutasaidia. Kesho mwalimu aanze kwa kuweka mezani mahindi, kitenge na shati la mtumba, kila mmoja aseme kilizalishwa wapi. Wakikosea wawili tu, awaite pembeni, wengine waendelee.

Jaribio hili lisiwe na alama wala majina kutangazwa, maana mtu akiogopa aibu atachungulia kwa jirani. Wasiosoma vizuri wasomewe swali, wafumbe macho, wanyooshe kidole kimoja, viwili au vitatu. Na kwa kuwa anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu ya kupata, wachache waulizwe, "Kwa nini?"

Hata hivyo, jibu sahihi la leo linaweza kusahaulika wiki ijayo. Swali moja la zamani lirudi katika kila kipindi, kwa mfano hili: je, cheti hiki kinaondoa kodi zote? Hapana. Kinaondoa ushuru wa forodha. Kodi na tozo nyingine zinazostahili hubaki, na mahindi bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea.