Tahadhari kwa makarani wa kambi za Mloka: usiage kazi kabla ya kupata karatasi hizi mbili

Kama wewe ni karani, mtunza stoo au mpokea wageni katika kambi za watalii za Mloka, na mwaka huu unafikisha miaka 60, mwandikie mwajiri wako barua sasa, kabla kambi haijafungwa kwa masika. Muombe cheti cha utumishi, na muombe taarifa ya mishahara yako ya mwezi kwa mwezi tangu ulipoajiriwa. Usingoje siku ya kuagwa.

Sababu ya haraka hii kila mtu wa Mloka anaijua. Mvua kubwa zikianza mwezi wa tatu, wageni hukatika, barabara ya Kibiti kupitia Mkongo inakuwa tope tupu, na kambi nyingi hufunga milango hadi mwezi wa sita. Meneja anakwenda kwao, mhasibu anarudi Dar es Salaam, ofisini anabaki mlinzi. Anayestaafu tarehe 30 Juni akasema ataandika barua mwezi wa tano hatakuta mtu wa kuipokea. Kambi ikifunguliwa, huenda ameshaletwa meneja mwingine asiyemjua, au kambi imeshauzwa na kibao cha getini kimebadilishwa jina.

Wengi wanaondoka na barua nzuri ya shukrani inayosema fulani alikuwa mchapakazi na mwaminifu, wakidhani ndiyo cheti. Barua hiyo ni hisani tu. Cheti cha utumishi ni haki: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, iwe umestaafu, umeacha au umeachishwa. Lakini hata cheti hicho peke yake hakitoshi. Kinathibitisha kwamba ulikuwa kazini kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Hakisemi mwezi wa nne wa mwaka 2014 ulilipwa kiasi gani na ulikatwa nini, na kwa wafanyakazi wa kambi hatari imejificha kwenye miezi kama hiyo.

Tuchukue mfano wa karani aliyeajiriwa Julai 2009 na kustaafu mwisho wa Juni 2025. Hiyo ni miaka 16 kamili, yaani miezi 192. Mwajiri wa sekta binafsi hupeleka NSSF asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake hukatwa kwa mfanyakazi. Ili mstaafu alipwe pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake, lazima awe na michango ya miezi 180 au zaidi. Karani wetu anajihesabia kwamba amevuka kwa miezi 12, basi hana wasiwasi.

Anapopata taarifa ya michango kutoka NSSF anakuta miezi 174. Anapitia mstari kwa mstari na kugundua kwamba kuanzia mwaka 2012 hadi 2020, kila mwaka, miezi ya Aprili na Mei haipo. Ni misimu tisa ya masika, miezi miwili kila msimu, jumla miezi 18. Kwa upungufu huo hafikii 180, na asiyefikia hulipwa mkupuo mmoja tu, habari ikaishia hapo.

Sasa tazama anachopoteza. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha miezi ya kuchangia kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha kugawanya kwa 580. Wastani huo unatokana na miaka mitatu yenye mshahara mzuri zaidi katika miaka kumi ya mwisho. Tuseme wastani wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Kwa miezi 192 inatoka 2,383,448 kwa mwaka, karibu 198,600 kwa mwezi, kabla ya kutenga sehemu ya mkupuo wa kustaafu. Na ile michango iliyokosekana ni shilingi ngapi? Kama miezi ya masika walikuwa wakilipwa nusu mshahara, tuseme 175,000, asilimia 20 yake ni 35,000. Mara 18 ni 630,000. Deni la mwajiri lisilofika hata laki saba ndilo linalosimama kati ya mzee huyu na pensheni yake.

Mwajiri akiulizwa, jibu jepesi ni hili: kambi ilikuwa imefungwa, mlikuwa likizo bila malipo. Kama ni kweli, hakukuwa na mshahara wa kukata mchango, na karani hana dai. Lakini kama alikuwa akipokea nusu mshahara na makato ya NSSF yakionekana kwenye hati yake ya mshahara, basi fedha zilikatwa zisifike. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kinachoyatenganisha ni kumbukumbu za mishahara za mwajiri. Ndiyo maana barua iombe kila mwezi uandikwe, hata ule ambao hukulipwa, na sababu yake. Ukipewa orodha iliyoruka Aprili na Mei kimyakimya, irudishe, kwa sababu iliyorukwa ndiyo uliyoifuata.

Barua yenyewe iwe fupi, iandikwe hivi:

*Meneja,*
*(jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba, si la kibao),*
*S.L.P. ………*

*YAH: MAOMBI YA CHETI CHA UTUMISHI NA TAARIFA YA MISHAHARA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ………, mwenye namba ya uanachama wa NSSF ………, niliajiriwa na kampuni yako tarehe ……… kama karani, na ninatarajia kustaafu tarehe ………*

*Kwa mujibu wa kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, naomba nipatiwe cheti cha utumishi ajira yangu itakapokoma. Kionyeshe tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na vyeo nilivyoshika.*

*Pia naomba kabla ya tarehe ……… nipatiwe taarifa ya mishahara yangu ya mwezi kwa mwezi tangu nilipoajiriwa, ikionyesha mshahara kabla ya makato, makato ya NSSF, tarehe michango ilipopelekwa na namba ya mwajiri iliyotumika. Kwa miezi ambayo sikulipwa au nililipwa pungufu, naomba mwezi huo uandikwe pamoja na sababu.*

*Jina langu liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa: ………*

*Natanguliza shukrani.*

Kila mstari hapo una kazi. Jina la kampuni ni muhimu kwa sababu NSSF inamjua mwajiri kwa namba na jina alilosajiliwa nalo; kambi ikiuzwa, michango yako ya zamani inaweza kuwa chini ya namba moja na ya karibuni chini ya nyingine. Jina lako nalo lina mtego wake. Wengi wetu kazini tunaitwa kwa jina la utani au la baba pekee, na daftari la malipo likaandikwa hivyohivyo. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu. Majina yakipishana, unaanza safari za kuapa viapo wakati ulipaswa kuwa unapokea mafao.

Ukipata taarifa, usiangalie miezi tu. Linganisha mshahara ulioandikwa pale na ule ambao NSSF wanao. Kuna mwajiri anayelipa 600,000 mkononi na kutangaza 400,000 kwenye mfuko ili mchango uwe mdogo. Miezi inatimia, lakini wastani wa ile miaka mitatu umeshuka, na pensheni imeshuka nao. Hati za mshahara ulizotunza za miaka kumi ya mwisho ndizo zitakazosema ukweli.

Barua ipeleke nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Asiyetaka kugonga muhuri mtumie kwa rejesta ya posta ukatunze risiti, au mpelekee ukiwa na kiongozi wa tawi la CHODAWU kama mnalo kazini, naye aandike kwamba ameshuhudia. Barua isiyo na ushahidi wa kupokelewa ni vigumu kuithibitisha baadaye.

Kisha lipo jambo linalowaumiza watu siku ile ya mwisho. Unaitwa ofisini, bahasha iko mezani, na pembeni kuna karatasi yenye maneno "nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote". Nauli ya kurudi kwenu iko ndani ya bahasha hiyohiyo, mkono unakwenda kusaini. Usisaini maneno hayo kabla hujaona taarifa ya miezi yote. Unaweza kupokea fedha na kuandika kwa mkono wako kiasi ulichopokea, na kwamba cheti na taarifa ya mishahara bado hujapewa.

Ukinyimwa, usilale. Madai ya michango isiyopelekwa yapeleke NSSF, kwa kuwa mfuko ndio wenye wakaguzi na nguvu ya kumdai mwajiri. Cheti cha utumishi ukinyimwa, ni mgogoro wa kikazi: unafungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipotokea. Zikipita, lazima kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kuchelewa, na sababu hiyo inaweza kukataliwa. Mwajiri anayekwambia kila wiki "njoo Jumatatu" huenda hana nia mbaya, lakini siku zako zinahesabika huku unamngoja.

Na wewe uliyeacha kazi mwaka jana au mwaka juzi, usidhani hili halikuhusu. Sheria inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira yako kwa miaka mitano baada ya kazi kukoma. Ukingoja zaidi, anaweza kukujibu kwamba mafaili yameshachomwa, na halazimiki tena kuwa nayo. Mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji na Kibiti yametuonyesha pia karatasi za ndani ya nyumba zinavyokwenda na maji. Nakala moja ikae kwa ndugu aliye mbali na mto, na picha zake ziwe kwenye simu ya mtoto.

Aliye na miaka 57 au 58 ana bahati kuliko anayestaafu Juni. Akiomba taarifa yake ya michango NSSF leo na kukuta 170, bado yuko kazini, mhasibu bado yuko ofisini, na miezi iliyobaki inaweza kumvusha hata kama mwajiri atakataa deni la zamani. Mwenye 60 hana nafasi hiyo. Yeye barua yake iingie ofisini wiki hii, kabla mvua ya kwanza haijafunga barabara.