Waya Haina Makosa, Haraka ni Yako

Wasee, tuache kuisingizia waya. Kila wikendi hapa Buyangu kuna mtu anachoma tilapia mzima, akimgeuza nusu ya ngozi inabaki kwa waya, halafu anatangaza ati samaki ni wa kukaanga tu. Zii! Huyo samaki aliwekwa akiwa na maji, juu ya waya baridi, na akageuzwa kabla ya wakati.

Kwanza, moto. Makaa yakiwa bado yanatoa mwali, hujafika. Ngoja yavae jivu la kijivu, kisha yasukume upande mmoja wa jiko, ule mwingine ubaki mtupu. Weka kiganja juu ya waya. Kama unavumilia sekunde nne hivi, moto uko sawa. Ukitoa mkono mara moja, utapata ngozi nyeusi na nyama mbichi kwa mfupa.

Sasa chukua tilapia wa nusu kilo. Mkate mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa, kisha mpanguse kwa kitambaa mpaka akauke kabisa. Hapa ndipo wengi mnaharibu. Maji yakibaki, moto unahangaika kuyakausha kwanza, ngozi inabaki laini na inagandamana na chuma. Mpake mafuta kidogo, na hiyo waya iwe imesuguliwa na imeshika moto tayari kabla hujamlaza.

Ukishamlaza, mwache! Dakika saba au nane bila kumgusa. Ngozi ikikauka na kuwa ngumu, inaachia yenyewe. Inua mkia kidogo kwa mwiko. Ukivuta na hataki, hajawa tayari, mpe dakika moja tena. Mgeuze mara moja tu.

Mafuta yakidondoka na mwali ukiruka, msogeze upande usio na makaa mpaka utulie. Mambo ya kumwagia makaa maji ni ya kulisha wageni jivu.

Na msinidanganye ati jicho likiwa jeupe ameiva. Jicho huwahi kuliko nyama iliyo kwa uti wa mgongo. Ingiza ncha ya kisu nyuma ya kichwa, pale pamenona. Nyama ikiwa nyeupe, haing'ai kama kioo, na inatoka kwa mfupa bila vita, epua. Ukiona wekundu kwa mfupa, mrudishe upande mtupu umfunike na sufuria. Samaki wa kilo nzima humalizikia huko hata bila kuuliza.

Wale wa foili nawajua, mko njiani kuja kubishana. Mkimfunga hivyo anaiva kwa mvuke wake mwenyewe. Ni mtamu, sikatai, lakini huyo amechemshwa. Mkitaka kumwita wa kuchoma, ngozi yake ikutane na moto.