Tusihesabu Mwaka kwa Jua la Wenzetu

Kila ifikapo tarehe 21 Machi hakosekani mtu wa kutuambia kwamba leo jua limefika utosini na vivuli vimekwisha. Kwa mkaaji wa Nanyuki, ambako mstari wa Ikweta unapita, maneno hayo ni sawa. Kwa mkaaji wa Marui, na kwa vijiji vyote vya Kisarawe na Kibaha, si sawa. Sisi tuko yapata digrii 7 kusini ya Ikweta. Siku hiyo ya Machi jua la adhuhuri limekwishatupita, liko kidogo upande wa kaskazini, na fimbo ya mita 1 iliyosimama wima hutoa kivuli cha sentimita 12 kuelekea kusini. Kwetu jua hufika utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 3 Machi likienda kaskazini, na karibu tarehe 11 Oktoba likirudi kusini.

Sababu yake watoto wetu wanaichora ubaoni kila mwaka. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kwa digrii 23.4, na haiubadili mwinamo huo. Kwa hiyo karibu tarehe 21 Juni jua husimama juu ya Tropiki ya Kansa, na karibu tarehe 21 Desemba juu ya Tropiki ya Kaprikoni. Hizo ndizo solstisi, siku za jua kugeuka. Katikati yake, karibu tarehe 20 Machi na 23 Septemba, jua linavuka Ikweta, na hizo ni ikwinoksi, siku za usawa wa mchana na usiku. Hata usawa huo si wa kupima kwa mizani: tunaanza kuhesabu mchana pale ukingo wa juu wa jua unapochomoza, na hewa nayo huupinda mwanga wa jua ikalionyesha kabla halijafika. Siku ya ikwinoksi mchana wetu huzidi saa 12 kwa dakika kama 7.

Tatizo langu ni kwamba mchoro unabaki ubaoni. Mwanafunzi anakariri tarehe nne, anajibu mtihani, kisha anatoka nje na kulikanyaga jibu lenyewe uwanjani bila kulitazama. Walimu wa Marui, nawasihi mchukue fimbo. Isimikwe kwenye ardhi iliyo sawa, mita 1 kamili juu ya udongo, na isimamishwe kwa timazi ya fundi mwashi, si kwa kukisia kwa jicho. Ikilala digrii moja tu, kivuli kitadanganya kwa sentimita karibu 2. Msipime saa sita kamili. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari ulio mashariki yetu, kwa hiyo adhuhuri ya kweli hapa huchelewa: mwezi Machi hufika kama saa 6:32 mchana, mwezi Septemba kama saa 6:17. Dawa yake ni kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa sita kamili mpaka saa saba, na kuchukua kile kilicho kifupi kuliko vyote.

Juni kivuli hicho kitakuwa kama sentimita 59, kimeelekea kusini. Desemba kitakuwa kama 29, na kimegeukia kaskazini. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini baraza ya kaskazini inachomwa na jua Juni na ile ya kusini inachomwa Desemba, katika nyumba ileile.

Lakini atakayejaribu kuikamata siku ya solstisi yenyewe atashindwa, maana siku kumi kabla na siku kumi baada yake kivuli kinabadilika kwa chini ya sentimita moja, na ncha yake ina ukungu wa karibu sentimita moja vilevile. Wazee wa elimu ya nyota walilitatua hilo kwa kuhesabu pande mbili. Tuchukue kivuli cha sentimita 55. Kwa Marui kinafika urefu huo karibu tarehe 30 Mei, kinaendelea kurefuka, kisha kinarudi kwenye sentimita 55 karibu tarehe 13 Julai. Hapo katikati zimepita siku 44. Gawa kwa mbili, hesabu 22 kutoka 30 Mei, na utaangukia 21 Juni. Na bahati nzuri huo ni msimu wa kipupwe, mawingu machache.

Sasa tuje kwenye sikukuu, maana huku ndiko tunakochanganya zaidi. Si kila sikukuu imefungwa kwenye jua. Idd zetu zinafuata mwezi peke yake, ndiyo maana kila mwaka zinarudi nyuma siku kama 11, na si kosa. Pasaka imefungwa kwa kamba mbili: Kanisa linaihesabu ikwinoksi kuwa tarehe 21 Machi, linatafuta mwezi mpevu wa siku hiyo au wa baada yake, kisha linachukua Jumapili inayofuata. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni Alhamisi tarehe 2 Aprili, na Pasaka ni tarehe 5.

Ya kufikirisha zaidi ni Nairuzi. Huko Uajemi mwaka mpya huanza siku ya ikwinoksi ya Machi, na mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanajimu akiwamo Omar Khayyam walirekebisha hesabu ili isiiache siku hiyo. Pwani yetu iliirithi Nairuzi, ikahesabu mwaka kwa miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, yaani siku 365 kamili. Mwaka wa jua unazidi hapo kwa karibu robo siku. Asiyeongeza siku hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4, na siku 24 kwa karne. Ndiyo sababu leo Wamakunduchi wanapigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti katika Mwaka Kogwa mwezi Julai, miezi minne mbali na ikwinoksi. Siibezi sherehe hiyo. Iko hai kuliko nyingi. Ila mkulima anayepanda kwa hesabu isiyorekebishwa, mjukuu wake atakuta mvua imemhama kwa wiki mbili.

Kwetu mvua yenyewe ndiyo inayolifuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Jua likitupita utosini mwanzoni mwa Machi, masika yanafuata. Likirudi Oktoba, vuli inafuata. Bahari ya Hindi nayo ina neno lake: mwaka 2019 maji yake yalipopata joto upande wetu, vuli ilifurika kupita kiasi ingawa jua halikukosea hata siku moja. Basi fimbo haitabiri mvua, na atakayewaambia wakulima kwamba inatabiri, anawapotosha.

Kazi yake ni kutuonyesha tuko wapi katika mwaka. Kamati za shule za Marui hazihitaji mfadhili kwa hili. Fimbo isimame kabla ya tarehe 30 Mei, daftari liwekwe ofisini kwa mwalimu mkuu, na vipimo viandikwe na wanafunzi wenyewe, pamoja na tarehe na saa.